Barua ya wazi kwa wenye mabasi ya Dar – Njombe: tangazo lenu la ratiba na nauli mpya lina mapengo

Ndugu Mkurugenzi, na ndugu mameneja wa ofisi za Dar es Salaam, Makambako na Njombe,

Salaam. Tangazo lenu la ratiba mpya limenifikia kama lilivyowafikia wengi, kwa kurushiwa kwenye kundi la wasapu la wafanyabiashara wa huku kwetu. Kuna picha ya basi jipya linang'aa, siti mbili kwa mbili, na chini ya picha maneno haya, nayanakili kama yalivyo:

"NJOMBE MPOOO? Ratiba mpya kuanzia tarehe mosi! Dar – Njombe kila siku, 5:00 asubuhi na 3:00 usiku. Nauli 47,000 tu. Tunapakia Shekilango, Magufuli na Kibaha. Saa 9 alasiri upo nyumbani. Begi moja bure, mizigo mingine maelewano. Wahi siti yako!"

Kampuni siitaji kwa jina. Matangazo ya namna hii yamezoeleka kwenye njia hii nzima, kwa hiyo mkijiona humu mjue si nyinyi peke yenu. Naandika hadharani kwa sababu tangazo lenyewe lilikuwa hadharani, na watu wameanza kulipa kwa kulitegemea.

Kabla sijafungua duka nilikuwa nakata tiketi kwenye kibanda cha wakala pale Makambako. Kazi ile ilinionyesha kwamba tangazo likiacha pengo, halibaki wazi. Karani wa dirishani atalijaza kwa anavyodhani, konda atalijaza upya kwa anavyotaka, na abiria ndiye atakayelipia tofauti kati ya hao wawili. Tangazo ndiyo karatasi pekee aliyonayo msafiri kabla hajatoa pesa, na hili lenu nimelisoma mstari kwa mstari.

Tuanze na saa. Mmeandika "5:00 asubuhi". Mama wa Uwemba akisoma hivyo anaelewa saa tano, jua limeshapanda. Nyinyi mlimaanisha saa kumi na moja alfajiri, kwa sababu mashine ya tiketi inachapa 05:00 na aliyeandika tangazo amenakili kutoka kwenye mashine. Nimejuaje? Kwa sababu mstari wa chini mnasema saa 9 alasiri mtu yupo nyumbani, na hiyo saa 9 ni ya Kiswahili. Ingekuwa mnaondoka saa tano kweli, basi lingekuwa linakwenda Njombe kwa saa nne, na hapo ningeandikia kiwanda cha ndege. Tangazo moja, saa za aina mbili.

Hiyo ya asubuhi mtu anaweza kuikisia. Ya usiku haikisiki. "3:00 usiku" inaweza kuwa saa tatu usiku, watu wametoka kula, au saa tisa usiku, majogoo hawajawika. Zote mbili ni saa ambazo mabasi yanaondoka siku hizi, tangu safari za usiku ziliporuhusiwa tena mwaka 2023. Na saa tisa usiku ina mtego wa pili, wa tarehe. Tiketi ikisema Jumamosi 03:00, basi linaondoka usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi. Majuzi pale Mbezi nilimwona kijana amesimama kwenye dirisha la kampuni nyingine, begi mgongoni, Jumamosi saa mbili na nusu usiku.

"Dada, la saa tatu la Songea limeshaingia?"

Dada akaichukua simu ya kijana, akaisoma ile tiketi, akamrudishia. "La saa tisa usiku hilo, kaka. Limeondoka leo alfajiri."

"Leo si ndiyo Jumamosi?"

"Ndiyo. Lilikuwa la Jumamosi."

Kwenye vitabu vya kampuni kijana yule ni abiria aliyechelewa, na abiria aliyechelewa hana cha kudai. Ukimsikiliza yeye, aliwahi nusu saa nzima. Andikeni "saa 11 alfajiri (05:00)", na kwa basi la usiku, kama ni la saa tisa, andikeni "saa 9 usiku wa Ijumaa kuamkia Jumamosi". Ni maneno manne zaidi.

Sasa vituo. Shekilango, Magufuli na Kibaha ni vituo vitatu, lakini saa mmetoa moja. Saa kumi na moja alfajiri basi lipo wapi kati ya hivyo vitatu? Likitoka Shekilango saa kumi na moja, litafika Mbezi baadaye, litaingia kituoni, litapakia, litatoka, na wa Kibaha ataliona muda mrefu baada ya saa aliyoambiwa, amesimama na mtoto gizani. Likiwa linatoka Magufuli saa kumi na moja, basi wa Shekilango aliyefika kwa saa hiyo ameshaachwa. Na "Kibaha" ni mji mzima. Ni Maili Moja pale barabarani, au ndani ya stendi?

Jina la kituo nalo liandikwe kamili: Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis. Mabasi ya mikoani yalihamia pale Februari 2021, lakini mpaka leo kuna wazee huku kwetu ukiwaambia basi la Dar, kichwani kinakuja Ubungo. Saa kumi alfajiri mzee akimwambia bodaboda "stendi ya mikoa", anapelekwa popote dereva anapopajua. Upande wa huku vilevile: Makambako mnashusha ndani ya stendi, au pale njia panda ambapo barabara ya Songea inaachana na ya Mbeya? Na je, gari ni la moja kwa moja mpaka Njombe, au ni la Mbeya na sisi tutafaulishwa Makambako? Kufaulishwa si dhambi, mradi mtu ajue kabla hajalipa. Anayejua atafunga mzigo wake kwa namna nyingine, na hatalala fofofo akitegemea kuamshwa Njombe.

Nimefika kwenye saa 9 alasiri, na hapa naomba mnivumilie nipige hesabu, kwa sababu mstari huu ndio ulionifanya nikae chini kuandika.

Dar mpaka Njombe tuweke kilometa 700 kwa urahisi wa hesabu. Saa 11 alfajiri mpaka saa 9 alasiri ni saa kumi. Toeni nusu saa ya chakula. Toeni robo saa robo saa za Morogoro, Iringa, Mafinga na Makambako, za kuingia, kushusha na kutoka. Hiyo ni saa moja. Zimebaki saa nane na nusu za gurudumu kuzunguka. Kilometa 700 kwa saa nane na nusu ni wastani wa kilometa 82 kwa saa. Mwisho wa mwendo wa basi ni 80, na kwenye vijiji ni 50, na vijiji vya njia hii mnavijua. Halafu kuna kama kilometa 50 za ndani ya Hifadhi ya Mikumi ambako mwendo unabanwa tena, kuna mizani, na kuna Kitonga, ambako lori moja likizima kwenye kona mnasubiri wote. Dereva anayefuata sheria hawezi kupata wastani wa 80, achilia mbali 82.

Kwa hiyo mstari ule una maana mbili tu. Ama mnajua kwamba basi halitafika saa 9, na mmeandika kuvutia watu. Ama mnamtaka dereva akimbie, na mmeyaweka kwa maandishi, chini ya picha ya gari lenu. Mfumo wa LATRA wa kufuatilia mwenendo wa mabasi unarekodi mwendo wa gari njia nzima. Dereva akibanwa na abiria wanaoshika simu wakimwonyesha "mlisema saa tisa", na huku mwendo wake unaonekana, mmemweka mahali pabaya mtu aliyebeba roho za watu.

Na kufika saa 12 jioni badala ya saa 9 si jambo dogo kwa mtu wa huku. Njombe kwa wengi si mwisho wa safari. Kuna anayekwenda Ludewa, Makete, Lupembe. Akiambiwa saa 9 anapanga kuunganisha gari siku hiyohiyo. Akifika jioni giza linaingia, gari za kwao zimeshaondoka, analala gesti, na baridi ya Njombe mnaijua, hasa kwa mtu aliyepanda basi Dar na shati la mikono mifupi. Pesa ya gesti haimo kwenye ile 47,000. Mngesema tu "tunatarajia kufika kati ya saa 12 jioni na saa 1 usiku", mtu angechagua basi la usiku ili afike mchana, na nyinyi msingepoteza abiria, mngemhamisha gari tu.

Nauli yenyewe. Sina ugomvi na 47,000. Nina ugomvi na kutokuandika ni ya basi la daraja gani. LATRA hupanga nauli kikomo kwa kilometa, na kila daraja lina kikomo chake. Nachukua viwango vilivyoanza tarehe 8 Desemba 2023 kwa barabara ya lami: shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilometa kwa daraja la kawaida, na 67.84 kwa daraja la kati. Zidisha kwa kilometa 700. Daraja la kawaida kikomo kinakuja kama 33,900. Daraja la kati kinakuja kama 47,500. Viwango vikipanda au kushuka, njia ya hesabu inabaki ileile.

Mnaona jambo lenyewe? 47,000 kwenye basi la daraja la kati iko ndani ya kikomo, hakuna wa kuwauliza. 47,000 ileile kwenye basi la kawaida imezidi kwa zaidi ya 13,000. Kwa hiyo uhalali wa nauli yenu unategemea neno moja ambalo hamkuliandika. Picha inaonyesha siti mbili kwa mbili, na abiria analipa kwa kuiangalia picha. Lakini wote tunajua kinachotokea gari jipya likipelekwa gereji: linaletwa la mbili kwa tatu, la zamani, na tiketi zimeshakatwa kwa bei ya la kati. Pale kituoni hakuna anayerudisha tofauti, na abiria hana pa kushika, maana tangazo halikutaja daraja. Tajeni daraja, na ongezeni sentensi moja kwamba gari likibadilishwa kuwa la daraja la chini, tofauti ya nauli inarudishwa dirishani kabla ya kupanda.

Halafu kuna watu wa katikati. Tangazo lina nauli moja, ya Njombe. Anayeshuka Mafinga analipa ngapi? Mafinga tuweke kilometa 560. Kwa daraja la kati kikomo ni kama 38,000. Karani akiwa na bei moja tu mbele yake atamkatia 47,000, atamwambia "siti ni siti, ukishuka Mafinga inakwenda tupu". Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi dirishani, na kibiashara yana mantiki yake: siti iliyouzwa mpaka Mafinga inaweza kwenda tupu mpaka Njombe. Lakini siti ile haiendi tupu. Mafinga, Nyololo na Makambako kuna watu barabarani wanaosubiri, na konda anaiuza tena siti ileile. Nauli za vipande ziwekwe hadharani: Iringa, Mafinga, Makambako, Njombe. Mistari minne.

Mwisho ni mizigo, na hapa ndipo kelele za kituoni zinapoanzia. "Begi moja bure, mizigo mingine maelewano." Begi la ukubwa gani? Haki ya abiria mtu mzima ni mzigo wa mpaka kilo 20 bila malipo. Sheria inahesabu kilo, haihesabu mabegi. Mwanafunzi mwenye begi la kilo 8 na ndoo yenye vyombo vya kilo 6 ana mizigo miwili, lakini hajafika hata kilo 15. Kwa tangazo lenu huyo analipa. Mwenye begi moja lililojazwa vitenge vya biashara, kilo 45, anapita bure. Mmemtoza mwepesi, mmemwachia mzito.

Na "maelewano" yanafanyikaje? Utingo anaunyanyua mzigo kwa mkono mmoja, anaurudisha chini, anamtazama mwenye mzigo usoni kisha viatuni, anataja bei. Mama anasema, "Mwanangu, jana mdogo wangu kalipa elfu tano mzigo kama huu." Utingo anasema, "Jana si leo, mama. Buti limejaa." Injini inanguruma, watu wanapiga kelele, mama anatoa elfu kumi. Risiti hakuna. Wala hiyo elfu kumi haifiki ofisini kwenu, naamini hilo mnalijua kuliko mimi. Mali bila daftari huisha bila habari, na hapa inawaishia mwenye basi na mwenye mzigo kwa pamoja: mzigo ukipotea Makambako, mama hana karatasi ya kuonyesha kwamba aliwahi kuupakia.

Kuhusu hilo buti lililojaa, nalo tuambiane ukweli. Abiria 50 wakiwa na kilo 20 kila mmoja ni tani moja. Hiyo ni nafasi ambayo wameshailipia ndani ya nauli. Lakini basi linapofika Magufuli, buti mara nyingi limeshajaa vifurushi vya Kariakoo vilivyopakiwa ofisini Shekilango: maboksi ya vipuri, marobota, rangi, matairi. Vifurushi vinalipa, sikatai, na mimi mwenyewe bidhaa za dukani kwangu zinakuja hivyo. Matokeo yake ni kwamba mabegi ya abiria yanawekwa kwenye njia ya katikati ya siti, watu wanayaruka kwenda kushuka, na siku gari likipata ajali, njia ya kutokea imezibwa na mabegi. Vilevile gari likizidi uzito linazuiwa mizani, na muda wa kuzuiwa hapo hamkuuweka kwenye ile saa 9 alasiri. Pangeni tani ya abiria kwanza. Kinachobaki ndicho cha vifurushi, vingine vingoje gari la usiku.

Kutoka Njombe kwenda Dar mambo yanageuka: magunia ya viazi, maboksi ya parachichi, ndoo za njegere. Hapo hata mwenye mzigo halali anaonewa, kwa sababu utingo ameshazoea kwamba kila anayetoka Njombe ana gunia la biashara. Mzani wa kuning'iniza unapatikana madukani. Wekeni mmoja kila ofisi, ning'inizeni mahali abiria anapoweza kusoma namba mwenyewe, na kila mzigo upewe stika yenye namba ya siti, kipande kimoja kwenye mzigo, kingine mkononi kwa mwenyewe. Petroli, mitungi ya gesi na mafuta ya taa visipande kabisa, na hilo liandikwe, maana kuna wasiojua.

Msije mkasema nimelalamika bila kuonyesha njia, tangazo lenyewe ningeliandika hivi, kwa vipimo vile vya juu:

"Dar – Njombe moja kwa moja, hakuna kufaulishwa. Basi la daraja la kati, siti mbili kwa mbili. Asubuhi: Shekilango ofisini saa 10 alfajiri (04:00), Kituo cha Magufuli Mbezi Luis saa 11 alfajiri (05:00), Kibaha ndani ya stendi saa 12 kasorobo (05:45). Fika nusu saa kabla. Tunatarajia kufika Njombe kati ya saa 12 jioni na saa 1 usiku. Nauli: Iringa 33,000, Mafinga 37,500, Makambako 43,000, Njombe 47,000. Gari likibadilishwa kuwa la daraja la chini, tofauti inarudishwa. Mzigo kilo 20 bure kwa mtu mzima. Kila kilo inayozidi shilingi ____, kwa risiti. Kila mzigo una stika, itunze. Gesi, petroli na mafuta ya taa hatupakii."

Kwenye kile kistari jazeni wenyewe, bei ya kilo ni yenu. La usiku liandikieni mistari yake, na siku zake zitajwe kwa "kuamkia".

Ratiba yenu inaanza tarehe mosi, kwa hiyo muda wa kulirekebisha tangazo upo, na waliokwisha kulipa kwa kuliamini la kwanza wapigieni simu, namba zao mnazo kwenye mfumo wa tiketi. Waanzeni wa basi la usiku. Nakala ya barua hii naipeleka ofisi ya LATRA ya mkoa wa Njombe na kwa baraza la watumiaji wa usafiri ardhini, LATRA CCC, pamoja na picha ya tangazo kama lilivyokuwa siku niliyolipokea.

Wenu,
Mwenye duka la vifaa vya shule, Njombe mjini